Yai Lililokataa Kuzama

Hakuna mwanamke anayesimulia mambo ya jikoni kama mimi. Waulizeni watu wote, isipokuwa waliowahi kula chakula nilichopika. Hao waacheni, wana kinyongo chao. Habari hii haihusu upishi, nashukuru. Inahusu mwalimu mmoja, mpwa wake wa kike, na yai.

Mwalimu huyo alifundisha sayansi darasa la nne, na wanafunzi walimpa jina la Kwa Hakika, kwa sababu hakuwa na sentensi isiyoanza na maneno hayo. Kwa hakika jua ni kubwa kuliko dunia. Kwa hakika kengele imelia, kaeni chini. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti nzuri na shati lililopigwa pasi hadi kwenye vifungo. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuweza kukosea mbele ya watu. Kukosea alikosea kama sisi sote, ila mbele ya watu hakukubali, afadhali amezwe na ardhi, na ardhi nayo ina kazi nyingine.

Ikatokea kwamba kituo kimoja cha vipindi vya watoto kilikuwa kinatafuta mtu wa kuendesha majaribio ya sayansi kwa vitu vya jikoni. Mhariri wa kipindi, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba, aliwahi kumsikia Kwa Hakika akifundisha akampenda. Akamwambia aandike mswada wa jaribio moja, kisha watalirekodi nyumbani kwake, jikoni hasa, si studio. Likipendeza, kipindi ni chake. Lisipopendeza, wataagana vizuri.

Kwa Hakika hakulala vizuri kwa furaha. Shuleni aliwaambia walimu wenzake. Akamwambia mlinzi wa geti. Akamwambia muuza vocha, ambaye hata hakuuliza. Kufikia mwisho wa wiki mtaa mzima ulijua kwamba Mwalimu anaingia kwenye televisheni, na mambo yakifika hapo, kurudi nyuma ni shughuli.

Msaidizi wake angekuwa mtoto wa dada yake, msichana wa miaka minane waliyemwita Dodosa. Hilo jina halihitaji maelezo. Mtoto huyu ungemwambia usiku mwema akakuuliza mwema kwa nani. Dada mtu alipoambiwa alicheka, akasema, mchukue, angalau jioni moja nipumzike.

Basi mjomba na mpwa wakakaa mezani kuandika. Mswada wa video una safu mbili: kushoto unaandika kinachoonekana, kulia kinachosemwa. Kushoto Kwa Hakika aliandika: gilasi ya maji, yai linatumbukizwa, linazama. Mtangazaji anatia chumvi, anakoroga polepole. Yai linapanda juu. Kulia akamwandikia Dodosa maneno haya: "Loo! Ajabu iliyoje! Hebu nieleze, mjomba mpendwa, ni kani gani hiyo iliyoliinua yai?"

Dodosa akasoma, akamwangalia mjomba wake kama anayemwangalia mtu aliyevaa viatu kinyume.

"Mjomba, nani anaongea hivi?"

Mjomba akamwambia kwamba kwenye televisheni watoto huongea hivyo. Mtoto akauliza je, badala ya chumvi wakitia sukari? Mjomba akasema hilo si la leo. Mtoto akauliza tena, yai likielea muda mrefu huwa linachoka? Mjomba akasema hilo si la siku yoyote.

Mhariri aliurudisha mswada ukiwa umejaa wino. Alikuwa na mkono wa kukata, yule mama. Pembeni ameandika: mtoto wako anashangaa kabla hajaona kitu. Mahali pengine: mwache abashiri kwanza, yai litazama au litaelea, na kwa nini anafikiri hivyo, akikosea ni sawa, hata wewe ukikosea ni sawa, ndiyo sayansi. Chini akaongeza mambo ya usalama: gilasi iwe ya plastiki nyeupe inayoonyesha ndani, isiwe ya kioo. Hakuna kuonja kitu chochote cha jaribio, na mtoto aseme hivyo kwa mdomo wake. Baada ya kushika yai bichi, mikono ioshwe kwa sabuni mbele ya kamera. Na sentensi ya mwisho, iliyopigiwa mstari: kinachotokea kitokee kweli, mchezo wa kuficha hatuutaki, watoto wananusa.

Kwa Hakika akaandika upya. Sasa mswada ulipendeza. Mtangazaji anauliza, unabashiri nini? Msaidizi anajibu lolote analofikiri. Yai linazama kwenye maji matupu. Inatiwa chumvi, vijiko vikubwa vitatu au zaidi, hadi yai linapanda. Halafu maelezo mafupi: maji yenye chumvi ni mazito kuliko maji matupu ya kiasi kilekile, kwa hiyo yanalisukuma yai juu kwa nguvu zaidi, yai halikubadilika, maji ndiyo yaliyobadilika. Hapo hata mimi niliyeishia darasa la saba nimeelewa, na nilikaa nyuma.

Jioni ya kuamkia siku ya kurekodi, mwalimu alinunua mayai mawili mapya kwa mwenye duka la pembeni, akayaweka kwenye kibakuli. Asubuhi mkewe, ambaye ni nesi, aliondoka mapema kwenda kazini. Kwa Hakika akabaki peke yake na hofu yake. Na hofu ya mwanamume huyu ilikuwa inakaa tumboni. Akapika chai. Chai peke yake haikushuka. Akatazama kile kibakuli, akajiambia yai ni yai, huko juu ya kabati kuna kikapu kina mengine. Akakaanga yote mawili, akala kwa mkate, akapata nguvu.

Mayai ya kwenye kikapu yalikuwa ya lini, hilo hakujiuliza. Mkewe alikuwa amemwambia zaidi ya mara moja ayatupe, naye alikuwa ameitikia. Ndoa nyingi zinaendeshwa kwa kuitikia.

Walipofika, jiko likajaa. Mhariri akaketi kwenye kiti kando ya dirisha, mswada mapajani. Mpiga picha alikuwa kijana mwembamba waliyemwita Jicho Moja, kwa kuwa lile la pili alilifumba hata akiwa anakula. Alisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akarekebisha taa, akawaambia kwamba yeye akishawasha hazimi mpaka Mama, yaani mhariri, aseme. Dodosa aliletwa na mama yake, nywele zimesukwa, aproni mpya kifuani. Mama mtu akamkalisha, akampangusa mdomo ambao haukuwa na kitu, akaenda zake. Kwenye meza kulikuwa na jagi la maji, gilasi ya plastiki, kibakuli cha chumvi, kijiko kikubwa, na yai kwenye kisahani.

Wakaanza. Na walianza vizuri, jamani, sifa yake tumpe. Sauti ya Kwa Hakika ilijaa jikoni kama harufu ya mkate. Akamsalimu mtazamaji, akamtambulisha msaidizi, msaidizi akasema hatuonji kitu hata kama kinafanana na chakula, akasema kwa ukali kana kwamba kuna mtu alikuwa ameshaonja. Mhariri akatabasamu. Kwa Hakika akamimina maji kwenye gilasi, akauliza, "Msaidizi wangu, unabashiri nini?"

"Litazama," alisema Dodosa. "Kwa sababu ni zito. Nikiliangusha mguuni nitaumia kidogo."

Akapewa yai, akalishusha kwenye maji kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akaliachia.

Yai likabaki juu.

Halikujifanya hata kuzama. Lilisimama wima majini, ule upande mnene ukachungulia nje, likayumba kidogo, likatulia. Dodosa akainama hadi pua yake ikakaribia gilasi. Macho yakamtoka.

"Mjomba! Linaelea! Na hatujatia kitu!"

Huo mshangao ndio mhariri aliokuwa akiutafuta tangu mswada wa kwanza, na ulikuwa wa kweli. Mtu mwenye akili timamu angecheka, angesema, ehe, sasa hapa kuna jambo, tuone ni nini. Kipindi kingekuwa chake palepale.

Lakini Kwa Hakika alikuwa ameshajua ni nini. Alilijua mara ile upande mnene ulipochungulia. Ganda la yai lina vitundu vidogo visivyoonekana. Kadiri siku zinavyopita maji ya ndani hutoka kidogo kidogo na hewa huingia mahali pake, yai likawa jepesi, na likichakaa kabisa huelea lenyewe. Hilo alilifundisha kila mwaka. Na pamoja na kujua likamjia jingine: mayai mapya yako tumboni mwake. Angesema nini? Kwamba kaleta yai viza mbele ya kamera kwa sababu vifaa vya kipindi amevila na mkate? Akawaona walimu wenzake. Akamwona mlinzi wa geti. Akamwona mpaka muuza vocha.

Joto likampanda kutoka shingoni hadi masikioni. Na aibu ikishapanda kichwani, ulimi hauombi ruhusa.

"Ni mtoto," akasema. "Mtoto ndiye aliyetia chumvi. Nilimwona."

Dodosa akageuka kumtazama. Hakuwa na hasira, hata kidogo. Alikuwa anasubiri mjomba acheke, amwambie nakutania.

Mjomba hakucheka.

"Sijatia," mtoto akasema, kwa sauti ndogo.

Mhariri akavaa miwani. Akamwuliza mwalimu kama ana hakika, na mwalimu, ambaye hakika ndilo lilikuwa jina lake, akasema anayo, alimwona akichezea kijiko wakati taa zinapangwa, watoto ndivyo walivyo, mama asijali, wabadilishe maji tu waendelee. Alisema mengi. Uongo una tabia hiyo, ukishaingia unaita ndugu zake wote.

Mhariri akasema kwa upole kwamba ikiwa mtoto anaharibu jaribio, basi ni afadhali mwalimu arekodi peke yake kwanza, halafu wataona kama watatafuta msaidizi mwingine. Kwa Hakika angeweza kusema hapana hapo. Mdomo ulikuwa wake, hapakuwa na aliyeushika. Akamwambia mpwa wake atoke nje kidogo apumzike.

Dodosa alitoka bila kuuliza swali. Kwa wanaomjua, hilo peke yake lilikuwa msiba. Kupitia dirishani mjomba akamwona amesimama karibu na kamba ya nguo, anafungua aproni yake mpya. Aliivua, akaikunja mara mbili kama mama yake alivyomfundisha, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisha akajifuta uso kwa kiganja, haraka, ili asionekane. Mwalimu akatamani ale tena kitu. Akagundua hana hamu ya kula chochote duniani.

Angetoka amwite wakati ule, mambo yangekwisha. Alipiga hatua moja kuelekea mlangoni, Jicho Moja akamwuliza, vipi Mwalimu, tunaendelea? Akasema tunaendelea.

Akamwaga maji kwenye sinki, akasuuza gilasi vizuri, akamimina mengine kutoka kwenye jagi. Alijua kitakachotokea. Hapo ndipo ninapomwonea huruma kidogo, kwa sababu mtu anayejua kuwa ataanguka na bado anatembea, huyo anateseka mara mbili. Akashika lile yai kwa mkono wake mwenyewe. Akaliombea dua. Akalitumbukiza.

Yai likaelea. Tena safari hii lilizunguka kidogo, kama linaloonyesha gauni jipya.

"Hata kwenye jagi," Kwa Hakika akasema bila kumtazama mtu. "Atakuwa ametia hata kwenye jagi."

"Jagi zima?" mhariri akauliza.

"Huyu mtoto humjui, mama."

Mhariri akalitazama yai. Huyu mama alikuwa amelea watoto watano na kupika maelfu ya mayai, na mwanamke wa namna hiyo hahitaji kusoma yai, anaambiwa na yai lenyewe. Lakini hakusema. Aliinuka, akaenda mlangoni, akamwita Dodosa aingie. Mtoto akaingia, macho mekundu, mikono nyuma. Mhariri akachuchumaa mbele yake, magoti yakalia.

"Mjukuu wangu, mimi nataka tu kujua unafikiri nini. Yai ni lilelile, maji ni mapya, na bado linaelea. Mjomba wako anasema chumvi iko kwenye jagi. Wewe unasemaje?"

Dodosa alimtazama mjomba wake. Halafu akalitazama yai. Na kwa kuwa yai ndilo lilikuwa rahisi zaidi kutazamwa, akaanza kulifikiria, na kufikiri kukamtuliza.

"Kama maji yana chumvi," akasema polepole, "basi yai lolote litaelea humu. Siyo hili tu. Tuweke jingine."

"Hakuna jingine," mwalimu akasema upesi. Mengine yaliyobaki kikapuni alijua yatakavyofanya, na hata kuyashika mbele ya watu aliogopa harufu yake.

Jicho Moja akasema jirani anafuga kuku, amewasikia wakipiga kelele tangu alipokuwa anaweka kamera. Mhariri akamtuma. Kijana akaiacha kamera ilivyo, akatoka mbio, wakabaki watatu jikoni wakisubiri. Subira ile ilikuwa ndefu kuliko mwaka wa shule. Kwa Hakika alishika kijiko, akakiweka, akakishika tena. Mara mbili alifungua mdomo. Alitaka kusema, Dodosa, mama, njoo hapa. Maneno yalifika kwenye meno yakarudi. Mtoto alikuwa amesimama ng'ambo ya meza, upande wa mhariri, si upande wake, na tangu azaliwe hajawahi kusimama mbali naye namna ile.

Jicho Moja akarudi na yai mkononi, bado ni vuguvugu, limeshikamana na unyoya mdogo. Mhariri akalifuta kwa kitambaa, akampa Dodosa. Mtoto akauliza kama kwanza ni lazima abashiri. Mhariri akamwambia ndiyo, hapo ndipo pazuri.

"Kama kuna chumvi litaelea," akasema. "Kama hakuna litazama."

Akalitoa yai la kwanza, akalilaza kwenye kisahani. Akalishusha la pili kwenye maji yaleyale, kwa vidole viwili, kama mwanzo.

Likazama moja kwa moja, likagusa chini, tok, likalala ubavu.

Dodosa aliinama akaliangalia kwa chini, akazunguka meza akaliangalia kwa upande wa pili. Kisha akasimama wima.

"Kwa hiyo maji hayana chumvi," akasema. Halikuwa swali. Baada ya hapo likaja swali, na aliliuliza bila ukali wowote, kama anavyouliza mambo yote, kwa kutaka kujua tu. "Mjomba, sasa mbona ulisema umeniona?"

Mwalimu akanyoosha kola ya lile shati zuri. Mhariri alikuwa anamtazama juu ya miwani. Kulikuwa bado na njia moja iliyo wazi, fupi, ya maneno machache, na mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa ameushikilia mlango wake.

"Sikusema nimekuona," akajibu. "Nilisema labda. Nilisema huenda. Wewe hukusikia vizuri."

Dodosa akakunja uso, akaanza kujifikiria, masikini, kama kweli masikio yake yalikosea.

Jicho Moja akakohoa. Akafumbua lile jicho lake la pili, jambo ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kuliona, akamtazama mwalimu kwa yote mawili. Kisha akainama kwenye kamera, akarudisha nyuma, akabonyeza, na sauti nzuri ya Kwa Hakika ikajaa jikoni kwa mara nyingine, safi, haina hata mkwaruzo:

"Mtoto ndiye aliyetia chumvi. Nilimwona."